Mwalimu, Turudi Kwenye KI-VI

Rafiki yangu mmoja, mwalimu wa Kiswahili katika shule ya sekondari, aliniita darasani kwake nimsaidie kuunganisha projekta. Kazi yenyewe ilikwisha upesi, picha ikatokea ukutani, nami nikatafuta kiti nyuma ya wanafunzi nikae nisikilize. Somo lilikuwa ngeli za nomino. Alikuwa ameandaa slaidi 25: jalada moja, kisha ngeli nane, na kila ngeli ina slaidi tatu, yaani mifano, upatanisho na zoezi. Kazi safi, iliyomla jioni kadhaa.

Alipoanza U-ZI, msichana mmoja wa mstari wa mbele akanyosha mkono. "Mwalimu, samahani, turudi kwenye KI-VI. Tunasema kitabu kimefika, kikombe kimefika. Mbona kiongozi amefika?"

Swali kama hilo mwalimu hulisubiri muhula mzima. Lakini U-ZI ilikuwa slaidi ya 17 na KI-VI ilikuwa ya 8, kwa hiyo alibonyeza mshale wa kurudi mara tisa, darasa zima likitazama ukuta ukibadilika rangi. Jibu la swali halikuwa pale pia, lilikuwa kwenye A-WA, ngeli ya viumbe wenye uhai, slaidi ya 2. Akabonyeza mara sita zaidi. Alipomaliza kueleza, akahitaji kurudi U-ZI, mara kumi na tano nyingine. Jumla mibonyezo 30 kwa swali moja, na hapo nimeacha kuhesabu alipopitiliza akarudi. Nilimwona akifupisha maelezo yake kwa sababu ya safari iliyokuwa ikimsubiri, na hilo ndilo lililoniuma.

Jioni ile tukakaa na kompyuta yake tukalijenga upya wasilisho hilohilo. Hatukubadilisha maelezo ya somo. Tulichoongeza ni slaidi moja ya menyu, viungo vya kutoka menyu kwenda kwenye kila ngeli, na kitufe kimoja cha kurudi. Alitumia PowerPoint ya Windows, kwa hiyo majina nitakayotaja ni ya humo.

Kwanza niseme kwamba ipo njia ya haraka isiyohitaji kitufe chochote. Wasilisho likiwa linaonyeshwa, ukiandika namba ya slaidi kwenye kibodi kisha ukabonyeza Enter, unarukia hapo moja kwa moja. Mwalimu angeandika 8 na Enter akafika KI-VI. Kinachoiangusha njia hii ni kwamba lazima uzikumbuke namba zote, na ukiongeza slaidi moja katikati, zote zinazofuata hubadilika. Kumbukumbu ya mtu anayefundisha ina mzigo wa kutosha.

Tulianza na vichwa vya slaidi, na hapa ndipo watu wengi huruka. Unapotengeneza kiungo, PowerPoint hukuletea orodha ya slaidi zako uchague ya kwenda, na orodha hiyo huzitaja kwa vichwa vyake. Lakini inasoma tu kile kilichoandikwa katika kisanduku rasmi cha kichwa. Rafiki yangu alikuwa na mazoea ya kukifuta kisanduku hicho na kuandika kichwa ndani ya kisanduku cha kawaida cha maandishi, kwa sababu anapenda kukiweka pembeni. Kwa macho hakuna tofauti. Katika orodha, slaidi zake nyingi zilionekana kama "Slide 8", "Slide 9", "Slide 10", hata usijue ipi ni ipi. Tulifungua "View" kisha "Outline View", mahali ambapo vichwa vyote hujipanga upande wa kushoto, na kila palipokuwa patupu tukaandika. Pia hatukuziita slaidi tatu za ngeli moja kwa jina moja. Tukaandika "KI-VI: mifano", "KI-VI: upatanisho", "KI-VI: zoezi". Kazi hiyo ilichukua muda mrefu kuliko zote zilizofuata.

Kisha menyu. Tuliongeza slaidi mpya mara baada ya jalada, ikawa ya 2, na kila ngeli ikasogea hatua moja: A-WA ikaanzia slaidi ya 3, KI-VI ya 9, na ya mwisho, PA-MU-KU, ya 24 hadi 26. Juu ya menyu tukachora mstatili mmoja mpana, tukaandika ndani yake "A-WA". Ukiubofya ukingo wa mstatili huo, umbo lenyewe ndilo linalochaguliwa. Ukiburuta kipanya juu ya herufi, unachagua maandishi tu. Tofauti hii si ndogo. Kiungo kikiwekwa kwenye maandishi, herufi hupigiwa mstari na kubadilika rangi, na ni herufi pekee zinazobofyeka. Mkono ukiteleza kidogo pembeni, hakuna kitu. Kiungo kikiwekwa kwenye umbo, rangi haibadiliki na umbo zima hugeuka mlango. Kwa menyu ya darasani, chagua umbo.

Umbo likiwa limechaguliwa, tulibonyeza Ctrl na K. Dirisha linalofunguka lina safu ya chaguo upande wa kushoto, nasi tukachagua "Place in This Document". Orodha ya vichwa ikatokea, safari hii ikisomeka, tukabofya "A-WA: mifano", kisha "OK". Mlango wa kwanza ukawa tayari.

Milango saba iliyobaki tuliinakili kutoka ule wa kwanza kwa Ctrl na D, ili yote ilingane kwa ukubwa. Hapa pana mtego. Nakala hurithi kila kitu, pamoja na kiungo. Unabadilisha maandishi yakasomeka "U-I", moyo unaridhika, kumbe mlango bado unaelekea A-WA. Rafiki yangu alifanya hivyo kwa vitufe viwili, na tuliligundua tu tulipovijaribu kimoja kimoja. Ukiona vitufe viwili vinakupeleka mahali pamoja, sababu huwa hiyo. Chagua kile kilichokosea, bonyeza Ctrl na K tena, mwelekezee slaidi yake.

Jambo jingine linalowashtua wanaoanza ni kwamba ukibofya mlango wakati bado unahariri, hauendi popote. Unalichagua umbo tu. Viungo huishi wakati wasilisho linaonyeshwa. Bonyeza Shift na F5, onyesho litaanzia kwenye slaidi uliyopo, ujaribu hapohapo.

Sasa tulikuwa na menyu inayokupeleka mbele, lakini bila njia ya kurudi. Ni kama kumsindikiza mgeni hadi chumbani kisha ukaondoka na ufunguo. Kwa maoni yangu kitufe cha kurudi ndicho kinachohitaji fikra kuliko vyote, kwa kuwa kitaonekana kwenye kila slaidi na kitabofywa mara nyingi kuliko kingine chochote.

Ndani ya "Insert", chini ya "Shapes", mwisho kabisa wa orodha ya maumbo kuna safu ya vitufe vilivyotengenezwa tayari, na kimoja kina picha ya nyumba. Ukikichora, dirisha la "Action Settings" hufunguka lenyewe, likiwa limekwisha kukuchagulia "First Slide". Wengi hubonyeza "OK" hapo na kuendelea. Lakini "First Slide" maana yake ni slaidi yoyote inayokaa mbele kuliko zote, hata iwe ipi. Kwenye wasilisho letu hiyo ni jalada lenye jina la shule na somo, si menyu. Mwanafunzi angebofya nyumba akafika barazani, kisha abofye tena ndipo aingie ndani. Na mtu akiongeza kesho slaidi ya tangazo mbele ya jalada, nyumba nayo itahamia kwenye tangazo.

Kwa hiyo katika orodha ya "Hyperlink to" tuliteremka hadi kwenye neno "Slide..." lenye nukta tatu, tukachagua menyu yenyewe kwa jina lake. Sasa kiungo kimeshikamana na slaidi ile, hakijali namba yake. Tulijaribu kuihamisha menyu hadi nafasi ya tano, kitufe kikaifuata. Tuliirudisha, kikarudi nayo. Ndivyo ilivyo kwa viungo vyote vya namna hii: ukipanga slaidi upya haviharibiki. Vinachokufa ni pale unapoifuta slaidi ya mwisho wa safari, au unapoinakili menyu peke yake na kuipeleka kwenye faili nyingine ambako slaidi zake hazipo. Ukitaka kumpa mwenzako kazi hii, mpe faili zima.

Kulikuwa na slaidi 24 za kuwekewa kitufe hiki. Unaweza kukinakili na kukibandika mara 24, na nimewaona watu wakifanya hivyo, lakini siku utakapotaka kukisogeza kidogo utakisogeza mara 24. Sisi tulifungua "View" kisha "Slide Master", mahali pa kupanga sura ya slaidi zote. Upande wa kushoto kuna mifano ya mpangilio: mmoja wa jalada, mmoja wenye kichwa na maelezo, mwingine wenye kichwa peke yake, na kadhalika. Slaidi zote za ngeli zilitumia mpangilio wa "Title and Content", kwa hiyo tuliweka kitufe cha nyumba kwenye mpangilio huo tu. Jalada na menyu zilitumia mipangilio mingine, hivyo hazikupata nyumba, na ndivyo tulivyotaka. Menyu yenye kitufe cha kurudi kwenye menyu inamchanganya anayeitumia.

Tulipofunga "Slide Master", nyumba ilionekana kwenye slaidi 22. Mbili zilikosa. Moja ilikuwa imejengwa kwa mpangilio wenye safu mbili, "Two Content". Tukaubadilisha ikapata nyumba. Nyingine ilikuwa na picha ya kifaru iliyojaa slaidi nzima. Vitu vya kwenye mpangilio hukaa chini ya vitu vya slaidi yenyewe, kwa hiyo picha kubwa huvifunika. Tulipunguza picha, nyumba ikachomoza. Ikiwa kitufe chako hakionekani mahali kinapopaswa kuwa, tafuta sababu katika mambo haya mawili kabla ya kuanza kubomoa.

Kuhusu kona ya kukiweka, nina msimamo: juu kulia. Chini kushoto ndipo PowerPoint huonyesha vitufe vyake hafifu mara tu kipanya kinapotikisika wakati wa onyesho, navyo vitagongana na cha kwako. Chini kulia kwa kawaida kuna namba ya slaidi. Juu kulia pako wazi. Ukubwa usipungue sentimita moja na nusu kila upande. Slaidi pana ya kawaida ina upana wa takriban sentimita 34, kwa hiyo hiyo ni sehemu ndogo tu, na mkono unaotetemeka mbele ya wanafunzi arobaini unahitaji shabaha ya kutosha.

Wazo hili la kadi zilizounganishwa kwa vitufe lilikuwapo tangu PowerPoint ilipozaliwa. Mwaka 1987 kampuni ya Forethought ilitoa PowerPoint ya kwanza kwa kompyuta za Macintosh, na mwaka huohuo Microsoft ikainunua kampuni hiyo kwa dola milioni 14. Toleo lile lilikuwa la kuchapisha kurasa za kuangazwa ukutani, ukurasa baada ya ukurasa. Mwaka huohuo tena, Apple ilitoa HyperCard, kazi ya Bill Atkinson, ambayo msingi wake ulikuwa kadi na vitufe vya kurukia kutoka kadi moja hadi nyingine. Kitufe cha kwenda kwenye kadi iitwayo Menyu kiliandikwa hivi:

```
on mouseUp
  go to card "Menyu"
end mouseUp
```

Na amri ya kurudi mwanzo ilikuwa maneno mawili tu, `go home`. Tulichokuwa tukikijenga jioni ile kwa kubofya orodha ni kitu kilekile.

Tulipojaribu kwa mara ya kwanza kuanzia mwanzo hadi mwisho, likajitokeza tatizo ambalo lisingeonekana wakati wa kuhariri. Rafiki yangu alilenga kitufe cha KI-VI kwenye menyu, kipanya kikaangukia katikati ya vitufe viwili, na ghafla yuko A-WA. Kubofya mahali patupu humaanisha "nenda slaidi inayofuata", na inayofuata baada ya menyu ni A-WA. Mtu asiyejua hilo hudhani kitufe chake kimeharibika. Dawa iko kwenye "Transitions", upande wa kulia kabisa: toa alama ya "On Mouse Click", kisha "Apply To All". Tangu hapo kubofya patupu hakufanyi lolote, ila mishale ya kibodi bado inasogeza slaidi. Kwa mwalimu huo ndio mchanganyiko unaofaa. Anatembea na mishale ndani ya ngeli moja, mifano, upatanisho, zoezi, kisha anatumia kipanya kurukia ngeli nyingine.

Kama faili litaachwa kwenye kompyuta ya maktaba wanafunzi walitumie wenyewe, kuna hatua kali zaidi. Katika "Slide Show", chini ya "Set Up Slide Show", ukichagua "Browsed at a kiosk", hata mishale hunyamaza. Vitufe tu ndivyo vinavyofanya kazi, na Esc kwa kutoka. Kabla ya kuiwasha hakikisha kila slaidi ina kitufe cha mbele pia. Bila hicho mwanafunzi atafika "KI-VI: mifano" na asiweze kamwe kuiona "KI-VI: upatanisho". Hivyo vitufe vya mbele na nyuma navyo vimo kwenye safu ileile ya nyumba, na mahali pake ni kwenye mpangilio uleule.

Lilibaki swali la msichana. Kutoka U-ZI mwalimu sasa angebofya nyumba, kisha KI-VI, mibonyezo miwili badala ya tisa. Lakini kisa cha kiongozi kilihitaji zaidi ya hapo, kwa sababu kiko kwenye ngeli mbili kwa wakati mmoja: umbo la neno linakuita KI-VI, na uhai wa mtu mwenyewe unakuvuta A-WA. Kiongozi, kijana, kipofu, kifaru, wote ni wa namna hiyo. Tukaongeza kwenye slaidi ya 9, chini ya mifano, kisanduku kilichoandikwa "Na kiongozi je?", tukakiunganisha na "A-WA: mifano". Anayesoma KI-VI akapata shaka anabofya, anafika palipo na jibu.

Na hapo nyumba haitoshi. Mwanafunzi aliyetoka KI-VI kwa dakika moja hataki kupelekwa menyu, anataka kurudi alipokuwa. Kwa hilo kipo kitufe kingine katika safu ileile, chenye mshale uliopinda, ambacho huelekea "Last Slide Viewed", yaani slaidi uliyoitazama mwisho kabla ya hii. Tulikiweka kwenye slaidi ya 3 peke yake. Kina mpaka wake: kinakumbuka hatua moja tu. Ukitoka 9 ukaenda 3, kisha ukasogea 4 na kurudi 3, kitufe hakitakupeleka 9 tena, kitakupeleka 4, kwa kuwa hiyo ndiyo uliyoitazama mwisho. Ndiyo sababu tulihakikisha jibu la kiongozi limo lote ndani ya slaidi ya 3, na nyumba ikabaki juu kulia kwa yeyote atakayepotea.

Kulikuwa na jambo moja ambalo tuliamua kuliacha. Ukimaliza zoezi la KI-VI na kubonyeza mshale, unaingia LI-YA bila kuuliza. Matoleo ya PowerPoint kuanzia 2019 yana kitu kiitwacho "Section Zoom" ndani ya "Insert", ambacho hukuingiza kwenye sehemu na kukurudisha menyu chenyewe sehemu inapokwisha. Ni kizuri, na kama kompyuta zote utakazotumia ni mpya ningekushauri ukijaribu. Shule ile ina kompyuta za miaka tofauti, na mwalimu hajui siku gani atapewa ipi. Viungo vya kawaida vinafanya kazi kwenye zote. Wenye kutumia Google Slides nao wanavyo: Ctrl na K kisha "Slides in this presentation". Katika LibreOffice Impress, bofya umbo kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua "Interaction", kisha "Go to page or object".

Rimoti ya kawaida ya mkononi, ile ya kusogezea slaidi tu, haibofyi viungo. Inajua mbele na nyuma tu. Ukiwa karibu na kibodi lakini kipanya kimekwama, bonyeza Tab, uchaguzi utaruka kutoka kiungo kimoja hadi kingine, na Enter itakifungua.

Jaribio la mwisho tulilifanya kwa kalamu na karatasi. Tuliandika ngeli nane, na kwa kila moja tukabofya mlango wake kwenye menyu, tukasoma kichwa kilichotokea, tukabofya nyumba, tukaangalia kama tumefika menyu kweli. Mibofyo 16. Kisha ya 17 na ya 18: "Na kiongozi je?" na mshale uliopinda.

Wiki iliyofuata alilifundisha somo lile kwa mkondo mwingine wa kidato hichohicho. Aliniambia kwamba hakuanza na A-WA. Aliifungua menyu ukutani, akawauliza ni ngeli gani inayowasumbua, wakamwambia PA-MU-KU, ambayo miaka yote huifikia kengele ikiwa inalia.